Usinakili Tangazo Lililo Hai Kabla Hujahesabu Yaliyokufa

Ndugu mfugaji, ndugu mfanyabiashara, leo sitaandika juu ya viwavijeshi wala bei ya mahindi. Nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na fundisho moja linalozunguka kwenye semina za biashara ya mtandaoni mpaka limefika kwa wafugaji wetu hapa Songea. Linasema hivi: ingia kwenye maktaba ya matangazo ya Facebook, mtafute mshindani wako, chagua tangazo lililokaa muda mrefu kuliko mengine, linakili, kisha lipia lako. Eti kama limekaa muda mrefu, basi linaleta fedha.

Nusu ya fundisho hilo ni kweli. Nusu nyingine imewala watu fedha, na nimeiona kwa macho yangu.

Mama mmoja wa Mfaranyaki hulea vifaranga chotara mpaka wafike mwezi mmoja ndipo awauze. Alifuata fundisho hilo kama lilivyo. Alikuta tangazo la kampuni kubwa ya vifaranga lililokuwa hewani kwa miezi mingi. Lilikuwa na picha safi ya jogoo, rangi nzuri, na maneno ya ubora wa uhakika. Akamtafuta kijana wa kutengeneza picha, akapata inayofanana nayo, akalipia shilingi 35,000 kwa siku 7. Laiki zilikuja nyingi. Simu zilikuja tatu, mbili kutoka Dar es Salaam na moja kutoka Mwanza. Hakuuza hata kifaranga kimoja. Akaniuliza, "Bwana shamba, mbona wanapenda picha tu, hawanunui?"

Wahenga walishasema, ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba. Kampuni ile haikuwa inauza vifaranga kwa tangazo lile. Ilikuwa inatunza jina lake, maana ina mawakala mikoani na fedha ya matangazo imetengwa mapema. Tangazo la namna hiyo linaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kuhesabu limeleta wateja wangapi. Muda wake hewani unakuonyesha ukubwa wa mfuko wa mwenye nalo. Haukuambii kama ofa inauza.

Maktaba yenyewe ni nini

Kwa ambao hawajawahi kuiona, niieleze kwanza. Facebook walianza mwaka 2018 kwa kuweka wazi matangazo ya siasa. Mwezi Machi 2019 wakaipanua, ikawa mtu yeyote anaweza kuona matangazo yote yanayolipiwa wakati huo kwenye Facebook na Instagram. Ni bure, haihitaji ruhusa ya mtu, na mshindani wako hapati taarifa kwamba umeangalia.

Kuingia ni hivi:

1. Fungua kivinjari cha simu, andika facebook.com/ads/library.
2. Kwenye nchi chagua "Tanzania". Kwenye aina ya tangazo chagua "All ads".
3. Andika neno ambalo wauzaji wenyewe hutumia, kwa mfano vifaranga, kuroiler au chotara. Utafutaji unasoma maneno yaliyoandikwa kwenye tangazo. Sauti ya kwenye video hausomi. Kwa hiyo ukishapata jina la ukurasa wa mshindani, tafuta pia kwa jina hilo ili uone matangazo yake yote.
4. Kila tangazo lina "Library ID", ambayo ni namba yake, na "Started running on", ambayo ni tarehe liliyoanza. Wakati mwingine utaona maandishi kwamba matangazo mawili au matatu yanatumia picha na maneno yaleyale. Maana yake mwenye nalo amelitoa kwa nakala zaidi ya moja.

Na haya hutayaona: amelipa shilingi ngapi, watu wangapi wameliona, na kama amelielekeza Ruvuma au Kagera. Atakayekwambia anayajua hayo kwa matangazo ya kuku ya Tanzania kupitia maktaba hii, anakudanganya.

Kosa lenyewe liko hapa

Sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo walimu wa semina wanapopita haraka. Kwa nchi yetu, tangazo la kawaida la biashara linaonekana kwenye maktaba likiwa hai tu. Likisimama, linatoweka. Matangazo ya siasa huhifadhiwa miaka 7. Matangazo yaliyoonyeshwa nchi za Umoja wa Ulaya huhifadhiwa mwaka mmoja baada ya kusimama, kwa sababu sheria yao inalazimisha. Mfugaji wa Ulaya anaweza kuona tangazo la mshindani wake lililokufa. Sisi hatuoni kaburi wala msiba.

Sasa fikiri. Ukifungua maktaba leo mara moja, ukapiga skrinshoti ukafunga, umeona nini? Umeona walio hai siku ya leo. Huyu ameanza jana na kesho kutwa atakata tamaa. Yule amerudi mara ya tano kwa sababu inamlipa. Kwenye skrini yako wote wawili wanafanana.

Kuna jambo la pili. Kampuni kubwa huacha tangazo likatembea miezi. Muuzaji mdogo wa kwetu hafanyi hivyo. Analipia siku 5 au 7, fedha inaisha, tangazo linasimama. Akiuza vizuri, mwezi unaofuata analipia tena, na mara nyingi tangazo jipya linapata namba mpya na tarehe mpya. Kwa hiyo ukitafuta lililokaa muda mrefu, utamkuta tembo peke yake. Muuzaji mdogo anayefanana na wewe, anayelipa kwa fedha yake ya mfukoni na ambaye ndiye mwalimu wako wa kweli, atakuwa na tarehe za juzijuzi kila siku. Utampita kama mgeni.

Kwa hiyo nasema waziwazi: kwa wauzaji wadogo, acha kutafuta tangazo lililokaa. Tafuta ofa inayorudi. Na ofa inayorudi haionekani kwenye maktaba. Inaonekana kwenye daftari lako.

Daftari la wiki nane

Yule mama nilimwambia anunue daftari la shilingi 1,000 na achague kurasa tano tu. Alichagua kampuni ile kubwa na wauzaji wadogo wanne, wawili wa Dar es Salaam, mmoja wa Iringa na mmoja wa Mbeya. Kila Jumatatu jioni alifungua kila ukurasa na kuandika vitu vinne: namba ya tangazo, tarehe ya kuanza, ofa kwa maneno yaleyale ya muuzaji, na sura ya tangazo, yaani picha iliyotengenezwa, picha ya simu, au video. Kazi yote ni nusu saa na bando kidogo.

Kwa nini wiki nane? Sikuokota namba hiyo hewani. Yai hukaa siku 21 kwenye mashine mpaka litotolewe, na kifaranga hulelewa siku 28 ndipo auzwe wa mwezi mmoja. Jumla ni siku 49, ambazo ni wiki saba. Muuzaji aliyeuza kundi lote ananyamaza kwa sababu hana mzigo, na tangazo lake linatoweka kama la aliyeshindwa. Ukimwangalia wiki mbili, utamzika mtu aliyefanikiwa. Lazima umngoje mpaka mzigo mwingine uweze kuwa tayari.

Kwa pembejeo hesabu ni nyingine. Anayeuza mbegu za mahindi hutangaza mvua zinapokaribia. Ukimpeleleza mwezi wa saba utaona kimya, na kimya hicho hakina maana yoyote. Mlinganishe na msimu wake mwenyewe.

Haya ndiyo aliyoyakuta mama yetu baada ya wiki nane.

Kampuni kubwa ilikuwa na tangazo lilelile na tarehe ileile wiki zote. Hakuna la kujifunza hapo kwa mtu mwenye vifaranga 300.

Muuzaji wa Mbeya alitangaza vifaranga wa siku moja kwa bei ya chini kuliko wote. Wiki ya kwanza alikuwepo. Wiki ya pili hayupo, na hakurudi mpaka mwisho wa daftari.

Mmoja wa Dar es Salaam alikuwa na tangazo zuri la kuchorwa lenye maneno ya kukaribisha watu kwenye ufugaji wa kisasa, bila bei wala masharti. Alidumu wiki mbili. Wiki ya tano ukurasa ulikuwa unauza mashine za kutotolea.

Wa pili wa Dar es Salaam alikuwa na ofa ya nunua 100 upewe 5 zaidi. Ilionekana wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 7, kila mara kwa tarehe mpya. Picha zilibadilika kila mara. Maneno ya ofa hayakubadilika hata mara moja.

Wa Iringa alikuwa na video ya simu, isiyo na muziki, inayoonyesha mikono ikipanga vifaranga wa mwezi mmoja kwenye maboksi yenye matundu na boksi likipakiwa kwenye basi. Sauti inasema atakayekufa njiani tunamlipa. Ilionekana wiki sita kati ya nane, na mara mbili ilikuwa na nakala zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kusoma daftari bila kujidanganya

Kutoweka mara moja hakukuambii kitu. Huenda fedha iliisha, huenda mzigo uliisha, huenda ofa ilikufa. Yule wa Mbeya siwezi kuapa kwamba alishindwa, ila wiki saba zilipita bila kurudi, na hiyo ni dalili ya kutosha kumfanya mwenye akili asianze na ofa yake.

Kurudi ndiko kunakosema. Mtu anayelipa kwa fedha yake harudii mara nne mchezo uliomla. Na angalia kitu gani kinarudi. Yule wa Dar es Salaam alibadilisha picha, akaacha ofa. Ametuonyesha mwenyewe kwamba kwake picha ni nguo na ofa ndiyo mwili. Yule mama alikuwa amenakili nguo.

Yule wa Iringa anafundisha zaidi. Usiishie kwenye video yake ukadhani siri ni basi. Jiulize anajibu hofu gani. Mnunuzi wa mbali hana wasiwasi sana na aina ya kuku. Anaogopa kutuma fedha kwa mtu asiyemjua, kisha boksi lifike na maiti. Video inamwonyesha mzigo kweli upo, na ofa inaondoa hasara mabegani mwake. Hofu hiyo iko Namtumbo na Mbinga kama ilivyo kokote. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Picha na video za mtu usichukue kabisa. Ni mali yake, na mteja akiziona kwenye kurasa mbili, ni wewe utakayeitwa tapeli.

Ofa ina gharama isiyoonekana kwenye maktaba

Hapa napo nina ugomvi. Wanaonakili ofa hawaulizi kama wanaweza kuibeba.

Mama yetu alitaka kuandika "wamekamilisha chanjo" kwa sababu mshindani mmoja ameandika hivyo. Nilimkataza. Kwa ratiba tunayoitumia wengi, kifaranga wa siku 28 anakuwa amepata kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21 na gumboro tena siku ya 28. Chanjo ya ndui bado. Mteja akiamini amekamilisha, hatachanja ndui, na kuku wakipata vidonda vya macho na midomo atakupigia simu wewe. Aliandika ukweli: wamepata kideri mara mbili na gumboro mara mbili, ndui utachanja mwenyewe, nitakukumbusha. Na ukweli huo ulimletea wateja walioona wanaongea na mtu anayejua kazi.

Kisha akajaribu ofa mbili. Alipiga video moja kwa simu yake, bandani kwake, na kuitumia kwenye matangazo yote mawili ili tofauti iwe ofa peke yake. Kila tangazo alililipia shilingi 20,000 kwa siku 4, akalielekeza Songea, Mbinga na Namtumbo tu. Ofa ya kwanza ilikuwa bei ya shilingi 5,500 kwa kifaranga. Ya pili ilikuwa bei hiyohiyo, na atakayekufa njiani anarudishiwa mwingine. Kila aliyepiga simu aliulizwa ameona tangazo lipi, na jibu likaandikwa.

Ofa ya kwanza ilileta ujumbe 9 na wanunuzi 2, jumla vifaranga 80. Ya pili ilileta ujumbe 6 tu, lakini wanunuzi 4, jumla vifaranga 230. Angehesabu ujumbe, angechagua ya kwanza. Angehesabu laiki, asingejua kitu kabisa.

Kulea kifaranga mmoja mpaka mwezi humgharimu shilingi 4,300, kwa hiyo anabakiwa na 1,200 kila mmoja. Ofa ya kwanza: vifaranga 80 mara 1,200 ni 96,000, toa tangazo 20,000, inabaki 76,000. Ofa ya pili: 230 mara 1,200 ni 276,000, toa tangazo 20,000, na toa vifaranga 6 waliokufa njiani aliorudisha, 6 mara 4,300, yaani 25,800. Inabaki 230,200.

Imemlipa. Lakini geuza hesabu hiyo uone hatari yake. Wangekufa 30, angerudisha wa shilingi 129,000 na kubaki na 127,000. Wangekufa 60, angerudisha wa shilingi 258,000, ukiongeza tangazo ni 278,000, na hapo ameshapita faida yote. Muuzaji wa Iringa anaweza kuahidi kwa sababu anajua kupanga boksi, anajua basi gani linaondoka alfajiri kabla ya jua kali, na anajua ni wangapi wa kuweka kwenye boksi moja. Ukinakili ahadi yake bila ufundi wake, utalipa maiti. Safirisha kwanza kundi dogo la majaribio, hesabu vifo, ndipo uahidi.

Na wanunuzi sita ni wachache. Huenda mmoja wa ofa ya pili angenunua kwa ofa yoyote. Ndiyo maana nimemwambia arudie mzigo ujao, na yeye mwenyewe awe ofa inayorudi au inayokufa.

Kwa wanaosema huu ni umbea

Nimeambiwa na mzee mmoja wa Peramiho kwamba kumchungulia mwenzako si uungwana. Namheshimu, lakini hapa nampinga. Mfanyabiashara gani anaingia soko kuu la Songea asubuhi asiangalie nani anauza nyanya kwa sado na nani kwa fungu, na saa sita asiangalie nani meza yake imekwisha? Huo si wizi. Tangazo limewekwa hadharani ili lionekane. Aibu ni kuchukua picha ya mwenzako, jina lake, au ahadi usiyoweza kuitimiza.

Na kwa walimu wa semina wanaotoza watu fedha wawafundishe kupiga skrinshoti: mnawafundisha watu kuangalia meza saa moja asubuhi, wakati zote bado zimejaa. Wafundisheni kurudi saa sita.

Kwa mwenye kutaka kuanza, Jumatatu hii chagua kurasa tano, na angalau tatu ziwe za watu wa mfuko kama wako. Andika namba, tarehe, ofa na sura. Usilipie tangazo lolote lako mpaka daftari lipite mzunguko mmoja mzima wa bidhaa unayouza. Kwa vifaranga wa mwezi mmoja ni wiki nane. Kwa mboga za muda mfupi hesabu toka kusia mpaka kuvuna. Atakayenipitia ofisini aje na daftari hilo. Skrinshoti moja sitaiangalia.